Kuomba Konje ya Mtihani Katika Wiki ya Kufunga Hesabu

Ndugu zangu, dada zangu wahasibu wa Lubumbashi, jambo kwenu nyote. Leo nitabaki kwenye mtihani mmoja tu, ACCA, ule wa kimataifa wa wahasibu, kwa sababu wengi humu mnausoma, na kwa sababu tarehe zake zinagongana vibaya na kazi yetu.

Mitihani ya ngazi za juu za ACCA hufanyika mara nne kwa mwaka: Machi, Juni, Septemba na Desemba, kwa kawaida mwanzoni mwa mwezi. Na sisi mwanzoni mwa mwezi tunafanya nini? Tunafunga hesabu za mwezi uliopita. Kampuni nyingi za madini hapa kwetu zinadaiwa ripoti na makao makuu ndani ya siku chache za kwanza za kazi. Kwa hiyo ukiingia biro kwa shefu ukasema, "Papa, naomba siku moja ya mtihani," yeye anachosikia ni kwamba mtu wa benki hatakuwepo siku ambayo benki lazima ilingane.

Wengine wanadhani sheria itawasaidia. Sheria yetu ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inampa mfanyakazi mtu mzima konje ya mwaka isiyopungua siku moja ya kazi kwa kila mwezi kamili aliofanya, na siku moja zaidi kwa kila miaka mitano ya utumishi kwa mwajiri yuleyule. Inatoa pia siku za matukio ya familia: mbili ukifunga ndoa, mbili mke wako akijifungua, nne ukifiwa na mwenzi wako. Mtihani haumo katika orodha hiyo. Kabla ya kuomba, soma mkataba wa pamoja wa kampuni yako na kanuni zake za ndani, maana huko ndiko siku za masomo zinaweza kuwa zimeandikwa. Kama hazimo, unakwenda kupatana, na anayepatana lazima ajue mwenzake anaogopa nini.

Tuchukue mfano. Dada mmoja ni mhasibu hapa mjini. Anashughulikia benki, mali za kudumu na malimbikizo. Anataka kufanya karatasi ya FR, ile ya ripoti za fedha, mwezi wa Septemba, na kituo alichochagua kiko Kitwe, ng'ambo ya Zambia. Tuseme mtihani unaangukia Alhamisi. Mtihani wenyewe ni saa tatu. Lakini barabara ya Kasumbalesa mnaijua, na foleni ya mpakani mnaijua. Akiondoka Alhamisi alfajiri anacheza na pesa ya mtihani. Lazima aondoke Jumatano na arudi Ijumaa. Kwa hiyo haombi siku moja, anaomba tatu, na aseme tatu tangu mwanzo. Nimeona watu wakiomba moja halafu wakapiga simu kutoka mpakani kuongeza nyingine. Shefu aliyefanyiwa hivyo hatoi ruhusa mara ya pili, hata kwa mtu mwingine.

Sasa siku za kusoma. Karibu kila mtu huomba wiki nzima kabla ya mtihani. Kwa mhasibu, wiki hiyo ndiyo mbaya kuliko zote, kwa kuwa ni siku za mwisho za Agosti, stoo inahesabiwa na ankara zinaingia kwa mafungu. Tazama kalenda yetu. Tamko la TVA linatoka kabla ya tarehe 15. Kati ya tarehe 16 na 25 biro inapumua. Dada yetu aombe siku mbili hapo, tuseme tarehe 18 na 19. Siku ya kwanza akae saa tatu kamili mbele ya kompyuta afanye mtihani wa majaribio bila kusimama, na jioni ausahihishe. Siku ya pili arudie maswali aliyoanguka. Kwa anayejiandaa pia ni bora hivyo: ukigundua katikati ya Agosti kwamba hesabu za makampuni yaliyounganishwa zinakushinda, unazo jioni za wiki mbili za kurekebisha. Ukigundua siku mbili kabla, unakwenda Kitwe na hofu.

Jumla ni siku tano. Apendekeze mwenyewe mgawanyo: siku ya mtihani na mbili za kusoma zitolewe na kampuni kwa mshahara, zile mbili za safari zikatwe kwenye konje yake ya mwaka. Shefu akiona kwamba na wewe umetoa kitu chako, mazungumzo yanakuwa mengine.

Halafu kazi yenyewe. Hapa ndipo barua nyingi zinakufa, zikiishia kwenye "nitahakikisha kazi haitaathirika". Dada yetu aandike hivi: uchakavu wa mali za kudumu na maingizo ya kila mwezi nitayaandaa kufikia tarehe 29 Agosti. Malimbikizo nitayaacha yamehesabiwa, pamoja na orodha ya wagavi ambao ankara zao hazijafika. Ulinganisho wa benki hauwezi kufanywa mapema kwa sababu unasubiri taarifa ya mwisho ya mwezi, kwa hiyo nitaufanya siku ya kwanza na ya pili ya kazi kabla ya kuondoka. Tofauti zitakazobaki atazifuata mwenzangu wa wadai, ambaye amekubali, na mimi nitamshikia kazi yake akienda konje Oktoba. Huyo mwenzako aweke sahihi yake chini. Sahihi hiyo ina nguvu kuliko ukurasa mzima wa maelezo.

Aongeze sentensi moja ya faida, isizidi. Sisi tunaandika vitabu kwa SYSCOHADA, lakini kundi linataka IFRS, na karatasi ya FR inafundisha hasa IFRS. Inatosha.

Barua iingie lini? Mwanzoni mwa Julai. Dirisha la kawaida la kujiandikisha kwa Septemba hufungwa karibu na mwisho wa Julai. Kabla ya hapo ukikataliwa unaweza kungoja Desemba bila kupoteza kitu. Baada ya hapo ada yako iko hatarini. Na jibu liwe la maandishi, nakala yako ipigwe muhuri wa kupokelewa. Mashefu wa migodini wengi wanafanya kazi kwa zamu: aliyekwambia "hakuna shida" mwezi wa saba atakuwa kwao mwezi wa tisa, na aliyeshika nafasi yake hajui chochote.

Kampuni ikikubali kulipa ada pia, itakupa karatasi ya kusaini kwamba utabaki kazini muda fulani. Angalia mambo mawili: je, deni linapungua kadiri miezi inavyopita, na je, ukianguka mtihani utadaiwa? Alama ya kufaulu ni 50, na watu wazuri huanguka. Omba iandikwe kwamba ukirudia, siku za mara ya pili zitatoka kwenye konje yako.

Naona mama pale nyuma ameinua mkono. ... Anauliza: shefu akikataa kabisa, si mtu achukue karatasi ya daktari? Hapana, mama. Hiyo ni cheti cha uongo, na mwajiri anaweza kukufukuza kwa kosa zito. Tena mtihani una tarehe na karatasi ya matokeo. Siku utakapompelekea matokeo akuongezee mshahara, atalinganisha tarehe. Ukikataliwa, muulize shefu swali moja: ni kazi gani hasa inayomzuia? Akikujibu "benki", basi omba Desemba, na kuanzia Oktoba mfundishe mwenzako ulinganisho wa benki, aufanye mwenyewe mara mbili shefu akiona. Ikifika Novemba, unarudisha barua ileile ukiwa umebadilisha tarehe.