Usimvute Bibi Harusi

Ndugu zangu wapiga video za harusi wa Dodoma, hili nimeshalisema mpaka wengine wenu mkiniona mnavuka barabara. Mtu analetewa mkanda wa zamani wa MiniDV, anauingiza kwenye kompyuta, bibi harusi anatokea mwembamba kama mwanzi. Basi fundi anakamata pembe ya picha kwa kipanya, anaivuta mpaka ipendeze. Ipendeze kwa nani?

Mkanda wa PAL, huu tuliotumia Tanzania, una fremu ya pikseli 720 kwa 576. Picha iwe ya 4:3 au ya 16:9, namba ni hizo hizo. Tofauti iko kwenye upana wa pikseli yenyewe: ya 4:3 programu huizidisha kwa 1.0940, ya 16:9 kwa 1.4587. Ni alama ndogo tu ndani ya faili inayoeleza hivyo, na ikipotea wakati wa kuingiza mkanda, programu inabahatisha. Ikidhani ni 4:3 wakati kamera ilirekodi 16:9, picha iliyotakiwa kuwa na upana wa 1050 inabanwa hadi 788. Haijaharibika, imesomwa vibaya.

Utajuaje? Tafuta duara. Gurudumu la gari la maharusi, likipigwa kwa ubavuni, halihongeki. Weka rula kwenye skrini. Ukikuta kimo sentimita 12 na upana 9, hiyo ni robo tatu: 16:9 imesomwa kama 4:3. Ukikuta kimo 12 na upana 16, kosa ni la upande wa pili. Sura msiziamini, maana wapo mabibi harusi wembamba kweli.

Kwenye Premiere Pro, bofya klipu kwa kitufe cha kulia, ingia Modify, kisha Interpret Footage. Penye Pixel Aspect Ratio chagua Conform to, halafu D1/DV PAL Widescreen 16:9 (1.4587). Pima gurudumu tena: 12 kwa 12.

Namsikia anayenung'unika kule nyuma: "Mzee, kuvuta kwa mkono si yale yale?" Si yale yale! Klipu hii utavuta asilimia 130, ile 140, na shangazi yule yule atanenepa na kukonda ndani ya wimbo mmoja. Ukija kusahihisha alama baadaye, mvuto wako bado upo, anapanuka mara mbili.

Mistari myeusi niseme upesi, pilau limeshanukia. Picha ya 4:3 kwenye fremu ya 1920 kwa 1080 ina mistari ya pikseli kama 220 kila upande. Hiyo ni halali, iacheni. Ukikuza ili uizibe, karibu robo ya kimo inakatika, na kilemba cha mama mzazi kinakwenda nayo. Mistari ikizunguka pande zote nne, hapo picha pana ilishafungiwa ndani ya 4:3 tangu mwanzo. Kuza tu, kinachokatika ni weusi mtupu.

Za simu zilizosimama wima sizigusi leo. Nani kaja na faili lenye gurudumu tulipime?