Droo ya Pesa na Pembetatu ya Ulaghai

Zawadi: Karibuni tena. Leo tunakagua mwenendo wa pesa taslimu katika kampuni ndogo, ile ambayo mtu mmoja anapokea malipo, anaandika risiti, anajaza leja ya wadaiwa, yaani kitabu cha madeni ya wateja, na kupeleka pesa benki. Kipimo chetu ni pembetatu ya ulaghai, yaani mambo matatu yanayokutana mtu anapoiba kazini: shinikizo, mwanya na kujihalalishia. Kaka Juma, wengi huanza na shinikizo. Nani ana madeni, nani kabadilika.

Juma: Na hapo ndipo wanapopotea. Asili ya wazo hili ni Donald Cressey, mwanasosholojia wa Marekani aliyewahoji wafungwa waliovunja uaminifu wa kazi na kuchapisha matokeo yake mwaka 1953. Alisisitiza tatizo la pesa ambalo mtu anaona hawezi kumwambia yeyote. Sasa kama ni siri, mkaguzi ataijuaje? Mimi naanza na mwanya, maana huo unaonekana kwenye karatasi.

Zawadi: Tuuone basi.

Juma: Jumatatu mteja wa kwanza analipa 100,000. Keshia anampa risiti, pesa anaiweka mfukoni, na leja haigusi. Alhamisi mteja wa pili analipa 100,000. Hiyo inapelekwa benki, ila kwenye leja inaandikwa kuwa ni malipo ya mteja wa kwanza. Jumatatu inayofuata wa tatu analeta 150,000. Keshia anaweka benki 100,000 kwa jina la wa pili, 50,000 inaondoka. Pengo sasa ni 150,000, lote kwenye akaunti ya mteja wa tatu.

Zawadi: Na mwenye kampuni akilinganisha leja na taarifa ya benki?

Juma: Vinakubaliana! Kilichoingia leja ndicho kilichoingia benki, hadi senti ya mwisho. Ndiyo maana wizi huu unaweza kudumu miezi.

Zawadi: Hapa ndipo pembe ya tatu inanivutia. Huyu hajioni mwizi. Anajiambia, "Nimeazima, Ijumaa narudisha." Na kila malipo mapya yanayofunika ya zamani yanampa ushahidi kwamba kweli anarudisha.

Juma: Ndiyo, njia na kisingizio vimeshikana. Kwa hiyo nikikuta ofisi ina vikaratasi vya "nadaiwa" ndani ya droo, nashtuka. Hapo kukopa kwenye droo kumeshakuwa desturi.

Zawadi: Na mara nyingi kikaratasi cha kwanza ni cha bosi mwenyewe.

Juma: Tena hakina hata sahihi.

Zawadi: Haya, tunamnasaje?

Juma: Chukua nakala za risiti za siku 30. Kwa kila moja andika tarehe tatu: ya risiti, ya kuingizwa leja, na ya hati ya kuweka pesa benki. Katika mfano wetu, mteja wa kwanza ana risiti ya Jumatatu na leja ya Alhamisi. Wa pili, risiti ya Alhamisi, leja ya Jumatatu. Kisha jumlisha risiti za kila siku na kuzilinganisha na pesa iliyowekwa benki kwa siku hiyo. Jumatatu ya kwanza risiti zinasema 100,000, benki haikupata kitu.

Zawadi: Lakini kuchelewa peke yake si wizi. Huenda leja hujazwa mara moja kwa wiki.

Juma: Sawa kabisa. Ndiyo maana unatazama jina pia: pesa ya nani imeingizwa kwa nani. Mteja wa pili akilipa kwa hundi na hundi hiyo ikapunguza deni la wa kwanza, hapo hakuna cha kusingizia ucheleweshaji.

Zawadi: Na kama risiti haikutolewa kabisa?

Juma: Jaribio hilo linakwama. Inabidi mtu mwingine, si keshia, awatumie wateja taarifa za madeni yao, na malalamiko yapokelewe na huyo huyo mwingine. Yakirudi kwa keshia, umefanya kazi bure.

Zawadi: Kampuni ya watu watatu itagawaje kazi?

Juma: Anayepokea pesa asijaze leja ya wadaiwa. Vitabu vya risiti viwe na namba zilizochapishwa, vitolewe na mwenye kampuni, na risiti zilizoharibika zibaki kitabuni. Taarifa ya benki aisome mwenyewe. Kisha keshia aende likizo ya wiki mbili mfululizo, mwingine ashike kazi yake yote.

Zawadi: Asiyekubali likizo?

Juma: Usimshtaki, pengine anapenda kazi. Ila mchezo ule unahitaji mkono wake kila siku. Akikaa nyumbani, mteja wa tatu ataonekana bado anadaiwa 150,000, ataudhika, na atakuja na risiti yake mkononi.