Pacha katika Zefe: Umati wa Watu 48 kwa Michoro 36

Assalaamu alaykum. Mlio nyuma sogeeni mbele, projekta niliyoazima haina nguvu na jua la saa kumi bado linaingia dirishani.

Nimeombwa kuzungumza juu ya katuni za umati, na nimeona nishike kipande kimoja tu nilichokifanya mwenyewe. Ni sekunde 9 za zefe, maandamano yetu ya Maulidi, ikipita ukingoni mwa bahari hapa Amu. Wanaotembea ni watu 48. Filamu inakwenda fremu 24 kwa sekunde, na mimi huacha kila mchoro ukae fremu mbili, kwa hiyo sekunde moja inakula michoro 12. Sekunde 9 ni michoro 108 kwa mtu mmoja. Ningemchora kila mtu peke yake, ningechora mara 5,184. Maulidi mawili yangepita mimi bado nimeinamia meza.

Nilichora michoro 36. Kijana mmoja anayetembea, mzee mmoja, na mtoto mmoja. Kila mmoja ana mzunguko wake, yaani hatua ya kulia na hatua ya kushoto, kisha mchoro wa mwisho unaungana na wa kwanza na mtu anaendelea kutembea bila kikomo. Hao watatu nikawanakili, nikawapaka rangi mbalimbali, nikawapanga barabarani.

Mara ya kwanza nilipoicheza, mama alipita nyuma ya kiti changu akasema, "Mwanangu, hii ni zefe au ni gwaride?" Alikuwa na haki. Wote walianza na mguu wa kulia, vichwa 48 vikapanda pamoja, vikashuka pamoja.

Dawa yake kila mchoraji anaijua: unawapishanisha. Huyu anaanzia mchoro wa kwanza, yule wa nne, yule wa tisa. Nikafanya hivyo, nikaicheza tena, na gwaride likabaki. Si lote, ila vikundi vya watu watatu wanne bado vilikuwa vikidunda pamoja. Hapo ndipo nilipokaa siku nzima, nikashika penseli nikahesabu, na hili ndilo ningependa mwondoke nalo.

Mtazameni mtu anayetembea, lakini zibeni miguu yake kwa kiganja. Mnaona nini? Kichwa kinapanda na kushuka. Kinashuka miguu inapopanuka, kinapanda mguu mmoja unapopita kando ya mwenziwe. Sasa, katika mzunguko mmoja wa kutembea kuna hatua mbili, kwa hiyo kichwa kinapanda na kushuka mara mbili. Mzunguko wa miguu una michoro 12, lakini mzunguko wa kichwa una michoro 6 tu. Nikimwanzisha mtu mmoja mchoro wa kwanza na jirani yake mchoro wa saba, miguu yao inapingana kabisa, huyu kulia yule kushoto, na kwenye karatasi unajiona fundi. Vichwa vyao, hata hivyo, vinapanda sawasawa kama vimefungwa kamba moja. Na katika umati miguu haionekani. Kinachoonekana ni bahari ya kofia.

Kwa hiyo pale nilipodhani nina nafasi 12 za kuwapishanisha vijana wangu, nilikuwa na 6.

Halafu kuna mtego wa pili. Ukiwapanga kwa mpango ulionyooka, kila mtu akachelewa mchoro mmoja nyuma ya mwenziwe, hupati umati, unapata wimbi. Linaanzia kushoto linakwenda kulia, kama upepo juu ya matete. Nilijaribu kuruka tano tano nikidhani nimelikwepa: wa kwanza sifuri, wa pili 5, wa tatu 10. Wimbi likaja vilevile, ila sasa linakwenda upande wa pili, kwa sababu kwa kichwa chenye michoro 6, kuchelewa tano ni sawa na kutangulia mmoja. Mwishowe nikaandika kwa mkono: 0, 3, 7, 11, 2, 10. Ukitoa sita pale inapotoka, vichwa vinasimama 0, 3, 1, 5, 2, 4. Nafasi zote sita zimetumika, na hakuna majirani waliofuatana kwa mchoro mmoja. Kompyuta inaweza kukuchagulia namba kwa kubahatisha, lakini bahati hurundika. Utakuta wanne wenye namba moja wamesimama bega kwa bega, na jicho litawaona kabla hujawaona wewe.

Sasa urefu wa mizunguko yenyewe. Hapo mwanzo mtoto alikuwa na michoro 8, kijana 12, mzee 16. Namba nzuri, zinagawanyika vizuri, na huo ndio ubaya wake. Nane, kumi na mbili na kumi na sita hukutana kila baada ya michoro 48, yaani sekunde 4. Katika kipande cha sekunde 9 umati wote ulirudi ulipoanzia mara mbili. Nikabadilisha: mtoto 10, kijana 12, mzee 14. Jumla ni ileile, 36, sikuongeza hata mchoro mmoja. Lakini 10, 12 na 14 hazikutani mpaka mchoro wa 420, na hizo ni sekunde 35. Filamu imeshahamia kwingine. Tena mtoto, kijana na mzee wakitembea pamoja hawabaki wamepishana vilevile, wanaachana wenyewe kidogo kidogo, basi shida ya namba za kuanzia inabaki kwa watu wa aina moja tu. Wachanganye, usiweke wazee upande mmoja.

Nije kwenye rangi, na hapa Amu inatupa taabu yake. Vitabu vya ufundi huu husema badilisha rangi za mashati: huyu mwekundu, huyu kijani. Zefe yetu ina mashati mangapi? Wanaume kanzu, wanawake buibui. Nusu nyeupe, nusu nyeusi. Nilitengeneza kanzu za rangi nne: nyeupe ya dobi, nyeupe ya maziwa, moja yenye kijivu cha samawati, na moja ya hudhurungi hafifu. Zaidi ya hapo inakuwa uongo. Kilichosaidia ni vitu vinavyobadilisha umbo: koti juu ya kanzu, kilemba badala ya kofia, kikoi kwa vijana wachache, mtoto mabegani. Kwa akina mama wanaotazama barazani, mtandio na mkoba. Vyote nimevichora katika leya yake, yaani tabaka la picha linalokaa peke yake juu ya mwili, vinafuata mzunguko uleule wa mwili, na navificha au kuvifunua kwa kila nakala.

Ukitaka kujua kama rangi inakusaidia au inakudanganya, zima rangi zote. Umati uwe kijivu kitupu, kisha ucheze. Mapacha wakijitokeza, maana yake hukuwatenganisha, uliwavika tu. Mimi kanuni yangu ni kwamba watu wawili wanaweza kuwa na umbo moja, au nafasi moja katika mzunguko, au rangi moja. Yote matatu pamoja ndani ya picha moja, hapana.

Jambo jingine ni kugeuza picha kama kwenye kioo ili mtu aelekee upande wa pili. Ni njia ya bure kabisa, na kwetu ina hatari. Nilimgeuza mwuza kahawa, akawa anamkabidhi mteja kikombe kwa mkono wa kushoto. Nilimgeuza mama mwenye kanga, jina la kanga likasomeka kinyumenyume. Mgeni asingeona. Mwana wa Amu angeacha kutazama zefe aanze kusoma kanga. Kwa hiyo jina la kanga liwe leya ya peke yake isiyogeuzwa, na mwenye kushika kitu asigeuzwe.

Miguu nayo, kwa ufupi, maana safu ya mbele inaonekana yote. Kijana wangu ana urefu wa pikseli 300, na hatua yake moja ni pikseli 90. Mzunguko mmoja ni hatua mbili, pikseli 180 kwa michoro 12, basi kila mchoro mpya unasogea pikseli 15. Akisogea zaidi anateleza kama aliyekanyaga ganda la embe, akisogea kidogo anatembea papo hapo. Ukimpunguza awe asilimia 60 kwa ajili ya safu ya nyuma, mwendo nao unapungua hivyohivyo, pikseli 9. Kosa ambalo wengi hawalioni ni hili: mchoro unabadilika kila fremu mbili, lakini kompyuta inamsogeza kila fremu moja. Unyayo uliokanyagwa chini unatetemeka mbele na nyuma, na watu wanadhani ni kasoro ya kuchora. Msogeze pale mchoro unapobadilika tu.

Sasa mniulize: na wanaocheza goma? Wale wamejipanga mstari, bakora mkononi, wanayumba kwa mdundo wa matari. Ukiwapishanisha hao umeharibu, kwa sababu kuyumba pamoja ndiyo goma yenyewe. Nilichora mzunguko mmoja wa michoro 16 nikaunakili kwa watu wanane. Watano wako pamoja kabisa. Wawili wanachelewa mchoro mmoja, hakuna anayetangulia, kwa sababu aliyechelewa anaonekana anafuata tari, na aliyetangulia anaonekana hajui. Wa nane ni mzee. Anayumba pamoja nao lakini nusu ya upana wao. Huyo mmoja alinigharimu michoro 16 mingine, na sijuti.

La mwisho ni mikono. Nilimpa kijana mmoja katika umati ishara ya kupunga, ndani ya mzunguko wake. Alipunga mara tisa kwa sekunde 9. Jicho linasamehe mwendo unaojirudia, halisamehi tukio linalojirudia. Nikautoa mkono ule, mizunguko nikaiacha iwe mikavu kabisa, kisha nikachora kando matukio matatu yanayotokea mara moja tu: mtoto anageuka nyuma, mtu anashika kofia upepo ukivuma, mama barazani anamwonyesha mwenziwe kidole. Yameachana kwa sekunde mbili hivi, kila moja upande wake wa picha, na mtazamaji anashughulika nayo huku wale 48 wakipita.

Nifungieni dirisha lile tafadhali. Nitaicheza mara tano mfululizo bila sauti. Ndani yake nimewaacha pacha wawili kwa makusudi, umbo moja, rangi moja, nafasi moja. Atakayewaona kwanza anyanyuke aje awaguse ukutani.