Kapulingi ya mikondo ya edi, na mahali joto linapokwenda

Karibuni, ndugu mafundi. Tuchukue mota ya kawaida ya kilowati 15, ya hezi 50, inayozunguka kama mara 1,450 kwa dakika. Mzigo tunautaka uzunguke mara 725, na masafa ya umeme hatuyagusi.

Kabla ya inveta za kubadili masafa ya umeme wa mota kuenea, jibu mojawapo lilikuwa kapulingi ya mikondo ya edi. Mota inazungusha ngoma ya chuma. Ndani ya ngoma kuna gurudumu lenye koili, limefungwa kwenye shafti ya mzigo, na katikati kuna mwanya mwembamba wa hewa. Vyuma hivi havigusani. Koili ikipewa umeme wa mkondo mmoja, kama wa betri, inakuwa sumaku. Ngoma ikipita mbele ya sumaku hiyo, mikondo ya umeme, ndiyo hiyo ya edi, inazuka ndani ya chuma chake na kuliburuta gurudumu. Ukipunguza umeme wa koili, mzigo unabaki nyuma zaidi. Ila hauwezi kuifikia kasi ya ngoma: kasi zikilingana mikondo haizuki tena, na mvuto unakufa.

Sasa tuhesabu. Nguvu ya kuzungusha, yaani torki, inayoingia ndiyo inayotoka. Kinachopungua ni kasi, na tofauti hiyo ya kasi hugeuka joto. Mkanda wa kubebea kokoto hudai nguvu ileile ya kuzungusha kwa kasi yoyote. Kwa hiyo, kwenye mara 725, mota bado inatoa kilowati 15, na 7.5 kati yake zinaichemsha ngoma. Kwa kazi hiyo mimi siitaki. Feni ni habari nyingine: kwa nusu ya kasi hudai robo tu ya nguvu ya kuzungusha, mota inatoa takriban kilowati 3.75, na joto halifiki hata kilowati 2. Feni hupoteza zaidi ikiwa kwenye theluthi mbili za kasi, na hapo ni kama kilowati 2.2.

Breki ya mikondo ya edi ni kitu kilekile, isipokuwa upande mmoja umefungwa usizunguke. Malori na mabasi huitumia kwenye miteremko mirefu. Lakini kasi ikikaribia sifuri, nayo inaishiwa nguvu, hivyo winchi lazima iwe na breki ya msuguano ya kushikilia mzigo uliosimama.

Mkikuta mzigo umekimbia ghafla hadi karibu mara 1,450, pimeni volti za koili kwanza. Zikiwa juu, kagueni jenereta ndogo inayopima kasi: waya wake ukikatika, kidhibiti hudhani mzigo umesimama, kikamimina umeme wote. Koili ikiwa haina umeme na mzigo bado unazunguka kwa kasi ya mota, zimeni na mfungue kapulingi. Ama beringi iliyo kati ya shafti mbili imekwama, ama vumbi na kutu vimeujaza ule mwanya.