Milioni 14 za Mwaka wa Kwanza Zinakwenda Wapi? Mhadhara Kuhusu Kiwango cha Ndani cha Marejesho Kilichorekebishwa

Ndugu wajumbe wa kamati za mikopo, na ndugu wahasibu mlioketi nao, naomba tuanze na andiko la mradi wa namna mnayoipokea kila mwezi. Mwombaji anataka shilingi milioni 20 anunue mashine ya kukoboa mpunga. Anakadiria kwamba, baada ya gharama zote za uendeshaji, mashine itamwingizia milioni 14 mwisho wa mwaka wa kwanza, milioni 9.6 mwisho wa mwaka wa pili, na milioni 14 mwisho wa mwaka wa tatu ikijumuishwa bei ya kuiuza ikiwa imetumika. Chini ya hesabu ameandika kwa herufi nzito: kiwango cha ndani cha marejesho ni asilimia 40. Nimekipiga mwenyewe na ni sahihi kabisa. Ninachotaka tukiangalie leo ni maana yake, kwa sababu wengi wetu tukiisoma asilimia 40 tunaelewa jambo ambalo hesabu hiyo haikulisema.

Ifikirieni mashine kama mdaiwa wenu. Mmeikopesha milioni 20, na kwa riba ya asilimia 40 deni linafika milioni 28 mwisho wa mwaka wa kwanza. Inalipa 14, linabaki 14. Mwaka wa pili deni hilo linakua hadi 19.6, inalipa 9.6, linabaki 10. Mwaka wa tatu 10 inakuwa 14, inalipa 14, na daftari linafungwa bila senti iliyobaki. Hiyo ndiyo maana halisi ya kiwango cha ndani: ni riba inayolifanya deni liishe siku ya mwisho bila kuzidi wala kupungua. Angalieni sasa kwamba asilimia 40 ilipatikana juu ya milioni 20 kwa mwaka mmoja tu, kisha juu ya milioni 14, kisha juu ya milioni 10. Fedha iliyokwisha kurudi mfukoni mwa mwenyewe imetoka ndani ya hesabu, na kiwango cha ndani hakiifuati huko ilikokwenda. Ndiyo sababu kinaitwa cha ndani.

Kosa huingia pale msomaji anapoichukua asilimia 40 na kuamini kwamba milioni 20 zitakua kwa kasi hiyo kwa miaka yote mitatu. Kama ingekuwa hivyo, mwisho wa mwaka wa tatu mwombaji angekuwa na milioni 54.88. Ili azifikie, milioni 14 za mwaka wa kwanza zingepaswa kupata mahali pa kuzaa asilimia 40 kwa miaka miwili, na milioni 9.6 za mwaka wa pili zipate asilimia 40 kwa mwaka mmoja. Mashine ya pili haipo katika andiko, na mpunga wa kuilisha pia haupo. Kwa hiyo swali la haki kumuuliza mwombaji ni hili: milioni 14 ukizipata utaziweka wapi, na huko zitazaa kiasi gani?

Kiwango kilichorekebishwa kinaanzia kwenye jibu la swali hilo. Tuseme amejibu kwa ukweli kwamba ataziweka benki katika akaunti ya muda maalumu, na kwamba baada ya kodi ya zuio atabakiwa na asilimia 8 kwa mwaka. Basi tunazipeleka fedha zote zinazoingia hadi siku ya mwisho ya mradi kwa asilimia 8 hiyo. Milioni 14 za kwanza, zikikaa miaka miwili na riba juu ya riba, zinakuwa 16.33. Zile 9.6 zinakaa mwaka mmoja na kuwa 10.37. Zile 14 za mwisho hazina muda wa kukaa popote. Jumla ni milioni 40.70 kwa kukaribisha, na hicho ndicho kiasi ambacho mwombaji atakuwa nacho mkononi, tofauti na zile 54.88 kwa zaidi ya milioni 14. Kisha tunauliza ni kiwango gani kimoja kinachoweza kuzitoa milioni 20 hadi 40.70 kwa miaka mitatu. Tunagawa, tunatafuta kipeuo cha tatu, tunatoa 1, na tunapata asilimia 26.7. Mradi bado ni mzuri, lakini si ule tuliodhani tunausoma.

Kama mwombaji angesema kwamba fedha atazitumia nyumbani kadiri zinavyoingia, riba ya kuwekeza upya ingekuwa sifuri na kiwango kingeshuka hadi asilimia 23.4. Napenda sana kuipiga hesabu hiyo ya sifuri kwanza, kwa sababu inanionyesha sakafu ya mradi: kile ambacho mashine inazalisha yenyewe, bila kusaidiwa na benki wala na matumaini. Hata hivyo, kiwango kilichorekebishwa si lazima kiwe kidogo kuliko cha kawaida. Kinavutwa kuelekea riba iliyotajwa. Kwa mradi dhaifu unaozaa asilimia 5, riba ya kuwekeza upya ya asilimia 8 itakipandisha.

Tofauti hii inauma zaidi pale mnapochagua kati ya miradi miwili. Tuseme mwombaji mwingine anataka milioni 20 hizo hizo anunue shamba la paini kule Mufindi, miti ikiwa imebakiza miaka mitatu kuvunwa. Haingizi kitu mwaka wa kwanza wala wa pili, na mwaka wa tatu anauza kwa milioni 48. Kiwango chake cha kawaida ni asilimia 33.9, na kamati inayopanga miradi kwa kiwango hicho itaiweka mashine mbele bila kusita. Lakini kiwango kilichorekebishwa cha shamba ni asilimia 33.9 ile ile, kwa kuwa hakuna fedha ya katikati inayohitaji mahali pa kwenda, na cha mashine ni 26.7. Mwisho wa mwaka wa tatu mwenye paini ana milioni 48 na mwenye mashine ana 40.70. Thamani halisi ya sasa, yaani mapato yote yakirudishwa kwenye thamani ya leo kisha mtaji ukatolewa, ikipigwa kwa asilimia 8, inasema vilevile: 18.1 kwa paini, 12.3 kwa mashine. Miradi inapokuwa na mtaji sawa na muda sawa, na riba iliyotajwa ikawa ndiyo kiwango cha punguzo, vipimo hivi viwili havipishani katika kupanga.

Kwangu mimi faida kubwa ya kuitaja riba hiyo ni kwamba inaweza kujadiliwa. Mwenye mashine anaweza kuwaambia kwamba ana biashara ya kununua mpunga wakati wa mavuno, na kwamba huko fedha inazaa kuliko benki. Vizuri, mjumbe anaweza kupiga hesabu akaona kwamba mashine inaanza kuishinda paini pale tu riba ya kuwekeza upya inapozidi takriban asilimia 25.3. Sasa mjadala una mahali pa kusimama: je, biashara hiyo ya mpunga inazaa zaidi ya 25.3, mwaka hadi mwaka, kwa kiasi cha milioni 14, na vitabu vyake viko wapi? Tulipokisoma kiwango cha kawaida kama kasi ya miaka yote mitatu swali hili lilikuwapo, ila tulilijibu kimyakimya kwa asilimia 40 na hakuna mjumbe aliyeliona.

Ila kasoro ya pili ya kiwango cha kawaida ni ya kihesabu, nayo ilionyeshwa mwaka 1955 na James Lorie na Leonard Savage wa Chuo Kikuu cha Chicago. Chukueni kisima cha mafuta ambacho pampu yake ya sasa itatoa mafuta ya dola 10,000 baada ya miaka miwili. Pampu kubwa zaidi, kwa nyongeza ya dola 1,600, itayatoa mafuta yale yale baada ya mwaka mmoja. Kwa hiyo tofauti inayoletwa na pampu kubwa ni kutoa 1,600 leo, kupata 10,000 mwakani, na kukosa 10,000 mwaka wa pili. Alama zimegeuka mara mbili, na mlinganyo una majibu mawili: asilimia 25 na asilimia 400. Yote mawili yanafunga hesabu sawasawa, na hakuna hoja ndani ya kipimo chenyewe ya kulichagua moja.

Kiwango kilichorekebishwa hakiwezi kunasa hapo, kwa sababu kinavikusanya vyote vinavyotoka kwenye siku ya kwanza na vyote vinavyoingia kwenye siku ya mwisho, hata zikabaki namba mbili tu. Tukitumia asilimia 10 pande zote mbili, 10,000 za mwaka wa pili zinarudi leo kuwa 8,264, tukiongeza 1,600 tunapata 9,864. Upande wa pili 10,000 za mwakani zinakuwa 11,000. Kipeuo cha pili cha uwiano wao kinatupa asilimia 5.6, chini ya asilimia 10 tunayodai, na pampu inakataliwa. Akili ya kawaida inakubali, kwani pampu kubwa haikuongeza hata pipa moja. Ilichouza ni mwaka mmoja wa kuwahi, ambao kwa asilimia 10 una thamani ya dola 1,000 mwishoni mwa mwaka wa pili, nayo inataka 1,600 leo.

Mnaotumia Excel, fomula inadai riba mbili: ya kwanza ni ya kupunguzia fedha zinazotoka, ya pili ni ya kuwekeza upya zinazoingia. Kwa mashine yetu huandikwa hivi, namba zikiwa kwenye safu kuanzia A1 hadi A4, na 20 inayotoka ikiandikwa -20:

```
=MIRR(A1:A4, 8%, 8%)
```

Angalieni sana seli tupu. Kwa shamba la paini lazima muandike 0 katika mwaka wa kwanza na wa pili. Mkiziacha wazi, Excel haizihesabu, inaona mradi wa mwaka mmoja unaotoa 20 na kurudisha 48, nayo itawapa asilimia 140. Namba ya namna hiyo ikitokea kwenye shamba la miti, rudini kwenye seli kabla hamjarudi kwa mwombaji.

Kuna mahali ambapo kipimo hiki chenyewe huteleza. Mradi wa mwaka mmoja unaotoa milioni 20 na kurudisha 27 utaonyesha asilimia 35, juu ya paini, ikiwa kila mmoja amepimwa kwa muda wake mwenyewe. Upelekeni mradi huo mfupi hadi mwaka wa tatu kwa asilimia 8 ile ile, na zile 27 zinakuwa 31.5, yaani asilimia 16.3 kwa mwaka. Na miradi inapotofautiana mtaji, mmoja wa milioni 2 na mwingine wa milioni 20, asilimia haitawaambia ni upi utakaoleta shilingi nyingi zaidi. Hapo nawaomba muiweke asilimia pembeni na mpange kwa thamani halisi ya sasa.