Brashi ya Kufulia na Karata za Mkono Mmoja

ZUHURA: Baraka, wiki hii sijalala. Kijana wangu alidondoka kwenye bembea, mkono wa kulia ukavunjika. Amefungwa plasta kutoka kiganjani mpaka juu ya kiwiko.

BARAKA: Pole sana, dada. Ndiyo maana ulikuwa hupokei simu.

ZUHURA: Leo kipindini nimekuja na michezo mitatu ya kucheza kwa mkono mmoja. Matofali yake ya kujengea yamemshinda, maana akibandika moja kwa mkono mmoja, lile la chini linateleza. Basi tukaanza na karata.

BARAKA: Karata? Anazishikaje?

ZUHURA: Hapo ndipo kilio kilipoanza. Alizilaza mezani, dada yake akazichungulia. Nikaenda kuchukua brashi ya kufulia, nikaigeuza nywele juu, nikachomeka karata humo. Zikasimama zikimtazama yeye peke yake, naye anachomoa kwa kushoto.

BARAKA: Brashi yoyote?

ZUHURA: Hapana. Ya kwanza ilikuwa imechakaa, nywele zimelala, karata zikawa zinaanguka moja moja. Inatakiwa yenye nywele ngumu zilizobanana, tena kavu, la sivyo karata zinalowa. Na zisizidi tano au sita, zikizidi zinafichana. Sasa kila jioni anauliza, "Brashi yangu iko wapi?" Nguo zinasubiri!

BARAKA: Nunua brashi nyingine ya nguo! Lakini vidole vya kulia vinafanya nini muda wote huo? Mimi ningempa kazi ya kuituliza brashi kwa vidole hivyo. Vikikaa bure vinakakamaa.

ZUHURA: Hata daktari alisema avikunje na kuvikunjua. Ila kukunja si kubana kitu. Siku hizi za mwanzo mkono unakaa juu ya mto, juu kuliko moyo, uvimbe upungue. Akiinamia mezani kushika brashi, mkono unashuka.

BARAKA: Mezani weka mto vilevile.

ZUHURA: Nitajuaje amechoka? Mtoto wa miaka saba akinogewa na mchezo hasemi.

BARAKA: Utaangalia vidole. Vikivimba, vikipoa au vikibadilika rangi, unasimamisha mchezo.

ZUHURA: Baraka, hapo hatuzungumzii tena kusimamisha mchezo. Hapo ni kurudi hospitali mara moja.

BARAKA: Kwa hilo sina ubishi. Ila kazi nyepesi ya vidole bado naitetea.

ZUHURA: Na mimi bado nakataa. Wiki hii brashi nimeibana kwenye ukingo wa meza kwa utepe wa gundi, haihitaji mkono wa pili.

BARAKA: Fundi wa mitambo anatuonyesha imebaki dakika moja, na ile michezo miwili hujaigusa.

ZUHURA: Basi iishie hapo. Ila wazazi, shanga ndogo na mchanga viwekeni mbali. Vikiingia ndani ya plasta vinachubua ngozi, na mtoto ataanza kuchokonoa kwa penseli. Jana usiku nilimkuta nayo mkononi.

BARAKA: Penseli ile ile mnayoandikia alama za karata?

ZUHURA: Ile ile. Sasa alama naandika mimi.