Kichwa cha Mwisho wa Safu: Kurekebisha Mvuto Kabla na Baada ya Kubadilisha Uso

Ndugu zangu wapiga picha wa Kigoma, chukueni kazi ambayo wengi wetu huletewa. Watu wa harusi wamepangwa safu moja mbele ya stesheni ya reli, lenzi ni ya milimita 24 kwenye kamera ya fremu kamili. Mjomba wa bibi harusi, aliye mwisho kabisa wa safu, amefumba macho. Katika picha nyingine alisimama katikati ya safu ileile, macho wazi. Wenye harusi wanaomba uso huo uhamishiwe pembeni.

Pimeni vichwa kwanza. Cha katikati kina urefu wa pikseli 200 na upana wa 160. Cha pembeni kina urefu uleule, lakini upana nao umefika 200. Lenzi si mbovu. Imeubakiza umenyooka kila mstari wa jengo, na ukingoni, nyuzi 37 kutoka katikati, jambo hilo hulipiwa kwa kuvuta kichwa robo zaidi kuelekea nje. Kwenye kona mvuto huenda mshazari. Ukibandika uso wa katikati moja kwa moja, unakaa mwembamba juu ya mabega yaliyotanuliwa, na hata mtoto ataona.

Wengi hukimbilia profaili ya lenzi. Hiyo hunyoosha ukuta uliobonyea tu. Uso hubaki mpana, na mara nyingine huzidi kupanuka. Hata hivyo itumieni mwanzo, kwenye picha zote mbili, maana hatua inayofuata inataka mistari iliyonyooka.

Sasa fungueni kila picha kwenye programu ya Hugin. Aina ya lenzi iwe `Rectilinear`, upana wa mwono nyuzi 74, na picha itoke kwa `Stereographic`. Hapo kila uso hurudi kwenye umbo lake. Kichwa cha pembeni kitakuwa na urefu wa pikseli 178 na upana wa 142, kwa hiyo punguzeni uso wa katikati hadi asilimia 89 ndipo mbandike. Mkitaka uhakika, pimeni tena kichwa cha mjomba: upana ukiwa asilimia 80 ya urefu, kama kile cha katikati, mpo sawa.

Baada ya kubadilisha, paa la stesheni litakuwa limepinda. Rudisheni jengo kutoka picha ya `Rectilinear`, kisha mkuzeni mjomba kwa moja ya nane na kumsogeza nje hadi miguu ikae mahali pake. Kwa kuwa sasa ni mwembamba, shavu la zamani litachungulia kila upande, kama pikseli 20. Lifunikeni kwa kunakili ukuta wa jirani. Watu wakiwa wamebanana bega kwa bega, nafasi hiyo haipo. Hapo mimi huacha paa lipinde kidogo, kwa sababu wenye picha hutafuta sura za ndugu zao kabla ya paa.

Kuna kisichorekebika. Mtu wa pembeni akitazama mbele, kamera humwona kwa ubavu na sikio la upande wa ndani hujitokeza. Uso wa katikati hauna sikio hilo, na hakuna kuvuta kutakakoliumba. Mwiteni mjomba mumpige tena akiwa palepale pembeni.